Nodi Ngapi kwa Kimo Hiki, Kimo Gani kwa Nodi Hizi

Liambie darasa zima lichore mti wa matawi mawili wenye kimo cha 3. Utarudishiwa michoro isiyofanana hata kidogo. Mmoja atachora nodi nne zilizoning'inia moja chini ya nyingine, mwingine atajaza ukurasa kwa nodi kumi na tano, na wote wawili watakuwa wamefuata agizo. Sura hii inahusu michoro hiyo miwili, kwa sababu hiyo ndiyo mipaka: chini ya nodi nne huwezi kufika kimo hicho, na juu ya kumi na tano hakuna pa kuzitundika.

Tukumbushane kwanza mti wenyewe. Kila nodi inaweza kuwa na mtoto wa kushoto, mtoto wa kulia, wote wawili, au asiwepo hata mmoja. Nodi ya juu kabisa isiyo na mzazi ni mzizi, na nodi isiyo na mtoto ni jani. Kimo cha mti ni idadi ya viungo unavyopita ukishuka kutoka kwenye mzizi hadi kwenye jani lililo mbali kuliko yote. Nasema viungo, sisemi nodi, na tofauti hiyo si ndogo. Vipo vitabu vinavyohesabu nodi zilizo njiani, na kwa vitabu hivyo mti ule ule una kimo cha 4. Ndiyo maana wanafunzi wawili wanaweza kubishana saa nzima juu ya kanuni mbili ambazo zote ni sahihi. Ukitaka kujua mwandishi anahesabu kwa namna gani, tafuta anasemaje juu ya mti wenye nodi moja tu. Akisema kimo chake ni 0, anahesabu viungo kama sisi. Akisema ni 1, anahesabu nodi, na katika kanuni zake zote utaona kimo kimezidi kwa moja.

Sasa tuanze na idadi ndogo. Mti ukiwa na kimo h, basi ipo njia moja yenye viungo h kutoka mzizini hadi chini. Njia yenye viungo h ina nodi h + 1, kwa kuwa kila kiungo kinaleta nodi mpya na mzizi wenyewe ulikuwapo tayari. Kwa hiyo hakuna mti wenye kimo h ulio na nodi pungufu ya h + 1. Je, mti wenye nodi hizo tu unawezekana? Unawezekana: acha njia hiyo peke yake, usiongeze kitu. Kila mzazi atakuwa na mtoto mmoja. Tuuite mti wa namna hii mnyororo.

Idadi kubwa nayo inataka tuhesabu ngazi kwa ngazi. Ngazi ya 0 ina mzizi tu, nodi 1. Mzizi unaweza kuwa na watoto wawili, kwa hiyo ngazi ya 1 haizidi nodi 2. Kila mmoja wa hao wawili anaweza kuleta wawili, ngazi ya 2 haizidi 4, na ngazi ya 3 haizidi 8. Kwa kimo cha 3 jumla ni 1 + 2 + 4 + 8, yaani 15. Tazama jumla hiyo inavyokwenda: 1, kisha 3, kisha 7, kisha 15. Kila mara inapungua kwa moja tu kuifikia ngazi inayofuata. Sababu yake ni rahisi kuiona ukianzia chini: ngazi ya mwisho iliyojaa ina nodi nyingi kuliko zote zilizo juu yake zikikusanywa, na zaidi yake ni moja. Kwa hiyo mti uliojaa wenye kimo h una nodi 2^(h+1) − 1.

Kati ya mipaka hiyo miwili hakuna idadi inayorukwa. Chukua mti uliojaa wenye nodi 15, teua njia moja ndefu uilinde, kisha chuma majani mengine moja moja. Kimo kinabaki 3 muda wote, na idadi inashuka 14, 13, 12, mpaka ibaki ile njia uliyoilinda, nodi 4. Jambo ambalo vitabu vingi vinalipita ni wingi wa maumbo yenyewe. Mti uliojaa wa kimo cha 3 una umbo moja tu. Minyororo ya kimo cha 3 iko minane, kwa sababu katika kila hatua ya kushuka unaweza kwenda kushoto au kulia. Kwa kimo cha 10, minyororo ni 1,024 na mti uliojaa bado ni ule mmoja.

Hapo ndipo swali linapogeuzwa, na kwa wanaoandika programu hili la pili ndilo lenye uzito. Mara chache mtu anakuja na kimo mkononi. Anachokuwa nacho ni idadi ya kumbukumbu anazotaka kuzihifadhi, tuseme 1,000, naye anataka kujua mti wake utakuwa na kimo gani.

Wengi hukosea kwa kudhani kwamba kila mpaka unageuka kuwa wa jina lake, yaani idadi ndogo inaleta kimo kidogo. Ni kinyume. Mti unaotumia nodi chache kufika mbali ndio unaofika mbali zaidi ukipewa nodi zozote. Mnyororo ulikuwa jibu la nodi chache kuliko zote kwa kimo h, na ukigeuza swali, mnyororo huo huo ndio unakuwa jibu la kimo kikubwa kuliko vyote kwa nodi n. Kutoka n = h + 1 tunapata h = n − 1. Kwa nodi 1,000 kimo kinaweza kufika 999, na hakiwezi kuzidi hapo. Mti uliojaa, ambao ulimeza nodi nyingi kuliko yote, sasa unatupa kimo kidogo kuliko vyote. Shikilia msalaba huu wa mipaka, maana tutaurudia kwenye mti mgumu zaidi baadaye.

Kimo kidogo kinataka uangalifu kidogo, kwa sababu nodi 1,000 hazijazi mti wowote kikamilifu. Mti uliojaa wa kimo cha 8 unachukua nodi 511, na wa kimo cha 9 unachukua 1,023. Nodi 1,000 hazienei katika ule wa kwanza, ila zinaenea katika ule wa pili na nafasi 23 zinabaki. Basi kimo kidogo ni 9. Kwa maneno mengine, tafuta kimo ambacho n inaangukia kati ya 2^h na 2^(h+1) − 1. Nodi 512 zinataka kimo cha 9, na nodi 1,023 vilevile. Ukiongeza moja, zikawa 1,024, kimo kinapanda kuwa 10.

Kwa lugha ya hesabu, h ni logariti ya n katika kizio cha pili, ukitupa sehemu ya desimali. Kanuni hiyo ni sahihi, lakini ninapenda zaidi njia ambayo mtu anaweza kuifanya kwa kidole. Zipe nodi namba kwa kufuata ngazi: mzizi ni 1, watoto wake ni 2 na 3, wajukuu ni 4 mpaka 7, na kuendelea. Utaona kwamba watoto wa nodi namba k ni 2k na 2k + 1. Maana yake mzazi wa nodi yoyote anapatikana kwa kugawanya namba yake kwa 2 na kutupa kinachobaki. Ukijaza mti wako ngazi kwa ngazi bila kuruka nafasi, nodi ya mwisho itakuwa na namba 1000. Panda kutoka hapo: 1000, 500, 250, 125, 62, 31, 15, 7, 3, 1. Umegawanya mara tisa, umepita viungo tisa, na kimo ni 9.

Upangaji huu wa namba ni mkongwe kuliko kompyuta. Mwaka 1590 Michaël Eytzinger, Mwaustria, alichapisha huko Köln kitabu cha nasaba za watawala wa Ulaya, na ndani yake aliwapa mababu namba kwa utaratibu huu huu: mhusika ni 1, baba yake ni 2, mama yake ni 3, babu mzaa baba ni 4, na kila mtu mwenye namba k baba yake ni 2k na mama yake ni 2k + 1. Wanaoandika nasaba bado wanautumia. Nao wahandisi wa programu wanapozipanga nodi za mti kwenye orodha moja kwa mfuatano huo, mpangilio huo wanauita kwa jina la Eytzinger.

Kwenye kompyuta, kugawanya kwa 2 na kutupa kinachobaki ni kufuta tarakimu ya mwisho katika kizio cha pili. Namba 1000 katika kizio hicho ni 1111101000, tarakimu kumi. Unaweza kufuta tisa kabla ya kubaki na 1. Kwa hiyo kimo kidogo ni idadi ya tarakimu ukitoa moja, na katika Python jibu ni mstari mmoja:

```python
kimo_kidogo = n.bit_length() - 1
```

Nasisitiza mstari huu kwa sababu njia ya logariti ina mitego miwili. Wa kwanza ni kukweza juu badala ya kushusha chini. Anayekweza logariti ya 7 atapata 3, ilhali nodi saba zinaenea vizuri katika kimo cha 2. Ubaya wake ni kwamba ukijaribu kosa hilo kwa 8, 16 au 1,024 linakupa jibu sahihi, na watu hupenda kujaribu kwa namba hizo hizo. Jaribu kwa 7 na 8 pamoja: jibu la kwanza lazima liwe 2 na la pili 3. Mtego wa pili ni wa namba za desimali za kompyuta zenyewe. Ukiandika `math.log2(2**53 - 1)` unapewa 53.0, kwa kuwa jibu la kweli liko karibu mno na 53 kiasi kwamba nafasi ya kuhifadhi tofauti haipo. Ukishusha chini unapata 53, na jibu sahihi ni 52. `bit_length` haikosei hapo, kwani haigusi desimali kabisa.

Sasa tuone pengo kati ya 9 na 999 linamaanisha nini kazini. Chukua namba za watahiniwa wa kidato cha nne Tanzania, zinazoandikwa kama S0101/0001: namba ya kituo, mkwaju, kisha namba ya mtahiniwa. Tuseme kituo kimoja kina namba kuanzia 0001 hadi 1000, nasi tunaziingiza katika mti wa utafutaji. Sheria ya mti huo ni kwamba kilicho kidogo kinakwenda kushoto kwa nodi na kilicho kikubwa kinakwenda kulia. Tunasoma orodha kama ilivyochapishwa. 0001 inakuwa mzizi. 0002 ni kubwa, inakwenda kulia. 0003 ni kubwa kuliko 0001, ni kubwa kuliko 0002, inakwenda kulia ya kulia. Hakuna namba hata moja itakayokwenda kushoto. Tumejenga mnyororo wa kimo cha 999 bila mtu yeyote kukosea sheria.

Kuingiza namba ya pili kulihitaji ulinganisho mmoja, ya tatu miwili, ya elfu moja 999. Jumla ni ulinganisho 499,500. Laiti namba zile zile zingeingia kwa mpangilio unaojaza ngazi kwa ngazi, jumla ingekuwa 7,987. Na kila mara ukimtafuta mtahiniwa wa mwisho, kwenye mnyororo utapita nodi zote 1,000, wakati kwenye mti mfupi hutazidi nodi 10.

Mtu anaweza kujitetea kwamba mnyororo ni bahati mbaya ya nadra. Tuipime hoja hiyo kwa namba saba. Kuna mifuatano 5,040 ya kuziingiza. Mifuatano inayozaa mti uliojaa wa kimo cha 2 ni 80. Inayozaa mnyororo wa kimo cha 6 ni 64: kila mara namba unayoingiza lazima iwe ndogo kuliko zote zilizobaki au kubwa kuliko zote, chaguo mbili kwa hatua sita. Iliyobaki, yaani karibu yote, inaangukia katikati. Kwa hiyo kama namba zingekuja kwa kuchanganywa vizuri kabla, hofu ingekuwa ndogo, na kadiri namba zinavyoongezeka ndivyo mnyororo unavyozidi kuwa adimu. Tatizo ni kwamba data za kweli hazichanganywi. Namba za usajili, tarehe, risiti, majina yaliyopangwa kwa alfabeti, vyote vinakuja kwa mfuatano, na mfuatano ndio hasa mmoja wa ile 64.

Unatambuaje kwamba mti wako umegeuka mnyororo? Pima kimo chake. Funksheni ya kawaida ni hii:

```python
def kimo(nodi):
    if nodi is None:
        return -1
    return 1 + max(kimo(nodi.kushoto), kimo(nodi.kulia))
```

Mti mtupu unapewa −1 ili jani lipate 0. Kwa mti wa watahiniwa wetu, hata hivyo, huenda usipate jibu kabisa. Funksheni inajiita yenyewe kwa kila ngazi, na Python kwa kawaida huruhusu miito iliyopandana isizidi 1,000. Mnyororo wa nodi 1,000 unazidi kikomo hicho, na programu inakatika kwa `RecursionError`. Wengi wakiona hivyo hukimbilia kuongeza kikomo. Kikomo hakina kosa. Mti wenye nodi 1,000 haukupaswa kuwa na kimo kinachokikaribia, na ujumbe ule ndio dalili ya wazi kuliko zote kwamba data iliingia ikiwa imepangwa.

Dawa ni kuuwekea mti sharti linalokataza mnyororo. Mwaka 1962 Georgy Adelson-Velsky na Evgenii Landis, wanahisabati wa Umoja wa Kisovieti, walipendekeza sharti moja: katika kila nodi, kimo cha upande wa kushoto na kimo cha upande wa kulia visitofautiane kwa zaidi ya 1. Kila uingizaji unapovunja sharti, nodi chache zinazungushwa ili lirudi. Miti hiyo inaitwa AVL kutokana na majina yao. Swali letu ni lile lile: mti wa namna hii wenye nodi 1,000 unaweza kurefuka kiasi gani?

Hapa ndipo msalaba wa mipaka unapotulipa. Kushambulia swali la kimo kikubwa moja kwa moja ni vigumu, maana maumbo ya kuzingatia ni mengi mno. Geuza: kwa kimo h, mti wa AVL unahitaji nodi chache kiasi gani? Swali hili lina jibu la kushika. Mzizi ni nodi moja. Ili kimo kiwe h, upande mmoja lazima uwe na kimo cha h − 1. Upande wa pili tunataka uwe mdogo iwezekanavyo, na sharti linaturuhusu kushuka mpaka h − 2, si zaidi. Pande zote mbili nazo ziwe na nodi chache kuliko zote kwa vimo vyao. Kwa hiyo:

```
N(0) = 1,  N(1) = 2
N(h) = 1 + N(h-1) + N(h-2)
```

Endelea kwa mkono. Kimo cha 2 kinahitaji 1 + 2 + 1, yaani 4. Kimo cha 3 kinahitaji 1 + 4 + 2, yaani 7. Kisha zinafuata 12, 20, 33, 54, 88, 143, 232, 376, 609, 986, 1,596. Anayezifahamu namba za Fibonacci atazitambua humu: ongeza moja kwa kila namba utapata 2, 3, 5, 8, 13, 21 na wenzao. Zinakua kwa kasi, si maradufu kama katika mti uliojaa, lakini kila moja inakaribia kuwa mara 1.618 ya ile iliyotangulia. Kuongezeka kwa kuzidisha badala ya kujumlisha ndiko kunakouzuia mti usirefuke.

Sasa soma orodha kinyumenyume. Kimo cha 13 kinahitaji nodi 986, nasi tunazo 1,000, kwa hiyo kinafikika. Kimo cha 14 kinahitaji 1,596, ambazo hatuna. Basi mti wa AVL wenye nodi 1,000 una kimo kati ya 9 na 13, hata kama namba ziliingia kwa mfuatano mbaya kuliko yote. Pengo la 9 hadi 999 limebanwa kuwa 9 hadi 13. Kwa nodi milioni moja ni kati ya 19 na 27: kimo cha 27 kinahitaji nodi 832,039, na cha 28 kinahitaji 1,346,268.

Mipaka hii inatumika pia kukagua programu. Ukiandika mti wako wa AVL, ingiza namba 1 hadi 1,000 kwa mfuatano, kisha uite `kimo`. Ukipata 8, ama baadhi ya nodi zimepotea wakati wa kuzungusha, ama umehesabu vibaya, kwa sababu nodi 1,000 hazienei humo. Hesabu nodi zilizobaki na utajua ni lipi. Ukipata 14 au zaidi, nodi zipo lakini sharti limevunjwa mahali, na mara nyingi kosa liko katika kimo kilichohifadhiwa ndani ya nodi ambacho hakikusahihishwa baada ya mzunguko. Ukipata 10 ilhali unahesabu viungo, usiifurahie haraka kwa sababu tu iko ndani ya mipaka: huenda funksheni yako inaupa mti mtupu 0 badala ya −1. Ipe mti wenye nodi moja uone inasema nini.